Kusoma Fyuzi za Gari kwenye Picha: Kutambua Aina na Ampea Kabla ya Kununua Spea

Shemeji yangu anayeishi Morogoro alinitumia picha ya kisanduku cha fyuzi cha gari lake, Toyota ndogo iliyoagizwa kutoka Japani, akiniomba nimwambie anunue fyuzi gani, kwa kuwa tundu la kuchajia simu lilikuwa limekufa ghafla. Picha ilionyesha safu tatu za vidude vya plastiki vyenye rangi mbalimbali, nusu yake vikiwa vimemezwa na mwanga wa flashi. Nitaitumia kazi hiyo kama mfano katika mwongozo huu, kwa sababu ndani yake yalijitokeza karibu makosa yote yanayomfanya mtu arudi dukani mara mbili.

Picha inatakiwa ijibu maswali mawili, na kila swali lina njia yake. La kwanza ni la umbo, yaani fyuzi hiyo ni ya ukubwa gani na miguu yake ikoje, ili spea iingie na kushika vizuri katika nafasi yake. La pili ni la ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho fyuzi inaruhusu kabla ya kuungua. Ukikosea umbo utagundua mara moja, kwa kuwa fyuzi haitaingia, au italegea, au itazuia kifuniko kufunga. Ukikosea ampea kwa kwenda juu, huenda usione dalili yoyote hadi siku waya zitakapoanza kunuka.

Picha yenyewe ipigwe vipi

Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua kifuniko cha kisanduku. Magari mengi yana visanduku viwili au zaidi: kimoja ndani, chini ya dashibodi au kando ya miguu ya dereva, na kingine chini ya boneti karibu na betri. Piga picha ya kifuniko kwa upande wake wa ndani kwanza, kwa kuwa hapo ndipo penye ramani ya fyuzi, na watu wengi hukisahau kabisa. Kama ramani haipo, basi ukurasa wa fyuzi katika kitabu cha gari unachukua nafasi yake.

Kisha piga picha ya kisanduku kizima, simu ikiwa juu yake moja kwa moja bila kuinama upande wowote. Simu ikiinama, fyuzi za mbali huonekana fupi kuliko zilivyo, na vipimo vyote utakavyovitegemea baadaye vinapotoka. Zima flashi. Badala yake mwambie mtu ashike tochi kwa pembeni, mwanga ukipita chinichini juu ya fyuzi, kwa sababu namba nyingi zimechongwa au zimevimba juu ya plastiki, na kivuli kidogo ndicho kinachozifanya zisomeke. Weka rula ndani ya picha, ukingo wake ukiwa usawa na vichwa vya fyuzi. Tumia kamera ya nyuma ya simu, kwa maana baadhi ya simu hugeuza picha ya kamera ya mbele kama kioo, na hapo hata namba iliyo wazi inasomeka vibaya.

Picha ya tatu ni ya karibu, ikionyesha fyuzi inayoshukiwa pamoja na jirani zake wawili au watatu. Jirani hao wana kazi kubwa katika kutambua rangi, kama nitakavyoeleza.

Kutambua umbo ukitazama kutoka juu

Fyuzi nyingi za magari ya miaka ya karibuni ni za kisu, yaani kipande cha plastiki chenye miguu bapa ya chuma inayochomekwa. Fyuzi ya kisu ya kawaida, ambayo kwenye pakiti huandikwa ATO au ATC, ina kichwa chenye urefu wa milimita 19 hivi na unene wa milimita 5. Ile inayoitwa Mini ina urefu wa milimita 11 na unene usiofika milimita 4. Kwa hiyo, zikiwa katika picha moja, ya kawaida inakaribia kuwa ndefu mara mbili ya Mini, na jicho linaitambua hata bila rula. Maxi ni kubwa zaidi, milimita 29 kwa 8 na nusu, na kwa kawaida hukaa chini ya boneti kulinda mizigo mizito.

Ugumu uko kwa zile ndogo. Micro2 ina urefu wa milimita 9 tu lakini unene wake unakaribiana na wa Mini, hivyo kichwa chake kinaonekana kimefupika, kama kibiriti kilichokatwa. Njia ninayoipenda ni kugawanya urefu kwa unene moja kwa moja kwenye picha, bila kujali milimita: Mini inakuwa ndefu mara tatu ya unene wake, Micro2 mara mbili na nusu au chini kidogo, na ya kawaida karibu mara tatu na robo tatu. Hesabu hiyo inafanya kazi hata kama hakuna rula, ilimradi picha ilipigwa wima. Micro3 inajitambulisha yenyewe, kwa kuwa ina miguu mitatu na juu yake kuna vidoto vitatu vya chuma badala ya viwili. Ndani yake mna nyuzi mbili zinazotumia mguu mmoja wa katikati kwa pamoja, hivyo inalinda mizunguko miwili, na mmoja unaweza kuungua huku mwingine ukiendelea kufanya kazi.

Kuna jozi moja ambayo picha ya juu haiwezi kuitenganisha, na hapa ningependa msomaji atulie. Mini ya kawaida na Mini fupi, ambayo kwenye pakiti huwa na herufi LP, zina vichwa vyenye urefu uleule wa milimita 11 na unene unaokaribiana. Tofauti yake iko chini, mahali ambapo kamera haifiki. Mini ya kawaida ina kimo cha milimita 16 na miguu yake inaning'inia wazi chini ya plastiki. Mini fupi ina kimo cha milimita 9 hivi, na plastiki yake inashuka hadi karibu na ncha za miguu, kiasi kwamba chuma kinachochungulia ni kidogo sana. Anayekuambia kwa uhakika kwamba ni moja kati ya hizo kwa kutazama picha ya juu peke yake anabahatisha. Dawa ni kuing'oa fyuzi yenyewe kwa kibanio cha plastiki, ambacho mara nyingi kimehifadhiwa ndani ya kisanduku kilekile, kuilaza kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe, kuweka rula kando yake, na kupiga picha ya nne.

Vilevile utaona vikasha vya mraba, vingine vina dirisha angavu juu yake. Hizo ni fyuzi za kikasha, ambazo mara nyingi huitwa JCASE, na zina mashimo ya kupokea chuma badala ya miguu ya kuchomeka. Vile vya mraba vyeusi visivyo na dirisha kwa kawaida ni relei, wala si fyuzi. Na kipande chochote kilichofungwa kwa boliti karibu na betri kiachwe kama kilivyo hadi betri ifunguliwe, kwa sababu hapo umeme unapita bila kizuizi kingine, na spana ikigusa bodi ya gari inaweza kuyeyuka.

Kutambua ampea, na kwa nini rangi iwe shahidi wa mwisho

Ampea ina mashahidi watatu, nao hawalingani kwa uzito. Mkuu ni ramani ya kifuniko au kitabu cha gari, kwa kuwa inasema fyuzi *inayopaswa* kuwepo. Wa pili ni namba iliyoandikwa juu ya fyuzi, ambayo inasema fyuzi *iliyopo*. Wa tatu ni rangi, ambayo inathibitisha namba tu. Watu wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza, kisha wananunua nakala ya kosa lililofanywa na mwenye gari aliyetangulia.

Kwa fyuzi za kisu za kawaida, za Mini na za Micro, rangi zinafuata mpangilio mmoja. Ampea 5 ni hudhurungi hafifu kama chai ya maziwa, 7.5 ni kahawia iliyokolea, 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano, 25 ni nyeupe au angavu isiyo na rangi, na 30 ni kijani. Chini ya hizo kuna 3 ya zambarau na 4 ya waridi, na juu yake kuna 40 ya rangi ya chungwa. Hizo saba za mwanzo ndizo utakazokutana nazo karibu kila siku.

Sasa tazama kamera inavyoziharibu. Chini ya taa ya njano ya gereji, ile 5 ya rangi ya chai inasogea kuelekea njano na kuonekana kama 20, na tofauti ya ampea 15 si jambo dogo. Ile 25 angavu ikishika vumbi na mafuta kwa miaka kumi inakuwa ya rangi ya chai na kufanana na 5. Nyekundu ya 10 iliyofifia inakaribia waridi ya 4. Ndiyo maana nikasema jirani wapigwe picha pamoja: ukipata fyuzi moja tu katika picha hiyo ambayo namba yake inasomeka bila shaka, unajua rangi yake halisi, na kutoka hapo unajua kamera imevuta rangi nyingine upande gani. Karatasi nyeupe pembeni inafanya kazi hiyohiyo.

Mtego mkubwa zaidi ni kubeba rangi za fyuzi za kisu na kuzipeleka kwenye vikasha. Katika JCASE, nyekundu si 10 bali ni 50, kijani si 30 bali ni 40, na njano si 20 bali ni 60. Rangi ya waridi, ambayo kwenye kisu ni 4, kwenye kikasha ni 30. Maxi nayo ina mpangilio wake: njano ni 20 na kijani ni 30 kama kisu, lakini nyekundu ni 50 na bluu ni 60. Kwa hiyo umbo lijulikane kwanza, kisha ndipo rangi ipewe maana, wala si kinyume chake.

Kazi ya shemeji, hatua kwa hatua

Picha yake ya kwanza ilitosha kunionyesha jambo moja: fyuzi zote za safu ile zilikuwa ndogo za urefu uleule. Nilimwomba apige nyingine bila flashi, na picha ya kifuniko. Kifuniko kilisema CIG 15A. Herufi hizo humaanisha tundu la kiwashia sigara, ambalo siku hizi hutumika zaidi kuchaji simu, na namba inayofuata ndiyo ampea. Katika nafasi hiyo, hata hivyo, kulikuwa na fyuzi ya njano.

Njano ingeweza kuwa 20 halisi, au 5 iliyodanganywa na mwanga. Jirani yake wa kushoto alikuwa mwekundu na namba 10 juu yake ilisomeka wazi, na wekundu wake ulikuwa safi, haukuelekea rangi ya chungwa, hivyo kamera haikuwa imeongeza unjano. Tochi ya pembeni ikamaliza shaka: namba 20 ilionekana kwenye kivuli. Kwa hiyo mtu fulani, kabla gari halijamfikia shemeji au baada yake, alikuwa amepachika 20 mahali pa 15.

Rula ilionyesha milimita 11 kwa urefu, na mgawanyo wa urefu kwa unene ukatoa tatu kamili. Hiyo ikaondoa Micro2 na ya kawaida, lakini ikaacha jozi ile ngumu. Kabla sijamwomba aing'oe, shemeji alikuwa ameshapita dukani na kununua Mini ya miguu mirefu, kwa kuwa muuzaji alitazama picha ya juu na kusema "ni Mini." Ilipoingizwa ilisimama juu kuliko jirani zake, na kifuniko kikakataa kufunga. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutafuta: fyuzi moja inayochomoza katika safu iliyo sawa. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa sababu Mini fupi ikiwekwa katika nafasi ya ile ndefu inaweza kuonekana imekaa vizuri huku ncha zake zikigusa chuma kwa juu juu tu, na mguso hafifu unazaa joto linaloyeyusha plastiki hata kama ampea ni sahihi.

Picha ya fyuzi ya zamani ikiwa imelazwa kwa ubavu ilijibu swali: kimo cha milimita 9, na chuma kidogo tu kikichungulia chini. Ni Mini fupi. Uzi wake ulikuwa umekatika katikati na plastiki ikawa na doa jeusi. Jibu la mwisho likawa Mini fupi, alama LP, ampea 15, rangi ya bluu.

Kwa nini isiwe 20 iliyokuwepo

Fyuzi inalinda waya kuliko inavyolinda chaja yako. Mtengenezaji alichagua waya wa tundu lile akijua kwamba fyuzi ya 15 itakata kabla waya haujapata joto la hatari. Fyuzi ya kisu haikati papo hapo ikipita namba yake kidogo: ya 15 ikipitishiwa ampea 16 na nusu inapaswa kuvumilia kwa saa 100 au zaidi, na ikipitishiwa ampea 30 inakata ndani ya muda usiozidi sekunde 5. Katikati ya hapo ndipo penye hatari. Umeme wa ampea 20 ukipita mfululizo, ile ya 15 kwa kawaida haitamaliza nusu saa, lakini ile ya 20 itaubeba siku nzima bila kulalamika, na waya utakuwa unapika mpira wake taratibu nyuma ya dashibodi.

Kushuka chini hakuna hatari ya namna hiyo. Kama ukiwa safarini una ya 10 tu, iweke katika nafasi ya 15. Mabaya yanayoweza kutokea ni kuungua mapema. Kupanda, hata kwa hatua moja, nakukataza.

Tulibaki na swali la nini kiliiunguza fyuzi ya 20. Pampu ya kujazia upepo ambayo shemeji huitumia ilikuwa na kibandiko cha wati 120, na ukizigawanya kwa volti 12 unapata ampea 10, kiasi ambacho hata fyuzi ya 15 ingekibeba. Nilimwomba amulike ndani ya tundu lenyewe huku fyuzi ikiwa imetolewa. Alikuta sarafu imelala chini, ikigusa kichwa cha katikati na ukuta wa pembeni kwa wakati mmoja. Hiyo ni shoti kamili, na kama angeweka fyuzi mpya bila kutazama, ingeungua kabla hajachomeka simu. Alama ya kutofautisha iko kwenye picha ya ubavu: uzi uliokatika kwa mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu mara nyingi huacha pengo dogo na plastiki safi, au plastiki iliyolainika kwa joto, ilhali shoti mara nyingi huacha doa jeusi na vipande vya chuma vilivyoruka.

Dukani

Ukienda Gerezani mjini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, usitegemee maneno "ndogo" na "kubwa", kwa kuwa kila duka lina maana yake. Beba fyuzi iliyoungua mkononi ulinganishe miguu kwa miguu, lakini ampea uichukue kutoka kwenye picha ya kifuniko uliyoihifadhi katika simu.

Kabla hujalipa, omba kuona fyuzi mbili za umbo hilo zenye ampea zinazotofautiana sana, kwa mfano 10 na 30, kisha zitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Uzi wa 30 unapaswa kuwa mpana au mnene kuliko wa 10 kwa namna inayoonekana. Kama nyuzi zote zinafanana na kilichobadilika ni rangi ya plastiki tu, ziache hapo mezani, kwa maana namba iliyo juu yake haina kitu chochote ndani cha kuitetea. Nunua tatu za kila ampea inayotumika katika kisanduku chako, uziweke ndani ya gari pamoja na kibanio. Nafasi tupu unazoziona kisandukuni usizijaze: nyingi ni za vifaa ambavyo gari lako halikuwekewa, isipokuwa zile zilizoandikwa SPARE, ambazo ndizo stoo ya fyuzi za akiba.

Baada ya kupachika fyuzi mpya, piga picha moja zaidi ya kisanduku kutoka juu kabla ya kufunga kifuniko. Shemeji aliifanya ya kwake jioni ileile. Bluu ilikuwa mahali pake, usawa na jirani zake, na katika picha hiyohiyo tukagundua kwamba nafasi ya taa za breki nayo ilikuwa na fyuzi isiyolingana na kifuniko, hivyo kesho yake akarudi dukani na orodha fupi.